Kibao Kisomeke: Namna ya Kuiagiza Akili Mnemba Iandike Maneno Sawasawa Ndani ya Picha

Picha yenyewe mara nyingi huwa nzuri. Mtaa ni wa asubuhi kweli, jua limepenya kati ya mabati, mvuke unapanda kutoka kwenye birika, na yule mama aliyeinama kupuliza mkaa anaonekana kama mtu unayemfahamu. Kisha jicho linapanda hadi kwenye kibao kilicho juu ya mlango na kusoma "CHAI NA MANDAAZI". Pembeni yake kuna bango dogo lililojaa alama zinazofanana na herufi ukiziangalia kwa mbali, na ukisogea karibu hazisomeki kwa lugha yoyote ya binadamu.

Kwa mtu anayetaka kuitumia picha hiyo kutangaza biashara yake, kazi imeharibika hapohapo. Mteja haoni tena jua wala mvuke, anaona kwamba aliyebandika tangazo hakujali kulisoma. Nami naamini anayesoma Kiswahili ana haki ya kuandikiwa Kiswahili kilichonyooka, iwe kitabuni au kwenye kibao cha kibanda cha chai.

Makala hii inahusu kazi moja mahususi ambayo sasa inafanywa sana na wachapishaji wadogo, waandaaji wa sherehe na wafanyabiashara. Una bango lako la zamani, pengine lililochorwa kwa mkono. Unataka akili mnemba itengeneze picha ya mtaa au duka ambamo bango hilo, au kibao kinachofanana nalo, kinaonekana na kusomeka. Unalipakia bango kama picha ya rejea, kisha unaandika maagizo. Namna unavyoyaandika maagizo hayo ndiyo inayoamua kama herufi zitasomeka.

Kwa nini inakosea

Mwaka 2022, programu kama DALL·E 2 na Stable Diffusion zilipoanza kutumiwa na watu wengi, maandishi ndani ya picha yalikuwa vurugu tupu. Mwaka huohuo watafiti wa Google walionyesha mfumo wao ulioitwa Parti kwa jaribio ambalo hadi leo linafundisha. Walitoa maagizo yaleyale kwa mifumo ya ukubwa tofauti: picha ya kangaruu aliyesimama mbele ya Jumba la Opera la Sydney, kifuani ameshika kibao chenye maneno "Welcome Friends!" Mfumo mdogo kabisa, wenye vigezo milioni 350, haukuweza kuyaandika maneno hayo. Ule wa vigezo bilioni 20 uliyaandika yote mawili bila kosa. Mifumo iliyofuata, kama Ideogram na DALL·E 3 mwaka 2023 na ile ya mwaka 2025, imesonga mbele zaidi. Ila maneno ya kibao cha yule kangaruu yalikuwa mawili tu, tena ya Kiingereza cha kila siku.

Kosa lina vyanzo viwili, na ukivielewa utajua kila neno la maagizo linafanya kazi gani.

Chanzo cha kwanza ni kwamba mfumo mwingi wa aina hii hauzioni herufi unazoziandika. Maneno yako hukatwakatwa kuwa vipande, na kila kipande hugeuzwa kuwa namba. Neno la Kiingereza linalotumika sana mara nyingi hubaki kipande kimoja ambacho mfumo umekutana nacho mara nyingi mno ukiwa mafunzoni. Neno la Kiswahili kama "maandazi" hukatwa vipande kadhaa visivyo na maana, na ndani ya namba hizo hakuna palipoandikwa kwamba herufi A zinafuatana mbili baada ya M. Desemba 2022 watafiti wa Google walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ukibadilisha sehemu inayosoma maagizo, ukaweka inayosoma herufi kwa herufi, tahajia ndani ya picha inakuwa bora kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mfumo wa kawaida unapoandika neno refu la Kiswahili, kwa sehemu unakisia sura yake.

Chanzo cha pili ni udogo. Stable Diffusion, kwa mfano, haichori pikseli mojamoja. Hufanya kazi kwenye picha iliyobanwa mara 8 kwa upana na mara 8 kwa urefu, kisha mwishoni huifungua. Picha ya pikseli 512 kwa 512 huwa inachorwa kwenye gridi ya vyumba 64 kwa 64. Herufi yenye upana wa pikseli 16 inapata vyumba viwili tu vya kukaa. Hebu jaribu kuiandika R kwa vyumba viwili, uone kama itatofautiana na K au A. Mifumo mipya huhifadhi taarifa nyingi zaidi katika kila chumba, hivyo inavumilia herufi ndogo kuliko ya zamani, lakini hakuna inayoweza kuandika vizuri mahali pasipo na nafasi.

Lisome bango kabla ya kulipakia

Tuchukue kazi moja na kuifuata mpaka mwisho. Dada mmoja anauza chai na vitafunwa asubuhi. Ana bango la karatasi la ukubwa wa A3 lililochorwa na fundi wa mtaani: mandhari ya manjano, herufi nene nyekundu zenye kivuli cheusi upande wa kulia, na birika la bluu chini. Anataka picha ya kibanda chake asubuhi, juu kuwe na kibao chenye sura ya bango lile, na kando ya mlango ubao wa chaki wenye bei.

Bango lake lina maandishi haya: "CHAI NA MAANDAZI" kwa herufi kubwa; "Kuanzia saa 12 asubuhi" kwa herufi za wastani; "Kikombe 500/=" ndani ya duara; namba ya simu; na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, jina la fundi aliyelichora.

Watu wengi hulipakia bango kama lilivyo na kuandika: tengeneza picha ya kibanda chenye bango hili. Wanadhani mashine italisoma. Hapo ndipo kazi inapoharibikia, na inaharibika kwa njia mbili kutegemea programu.

Zipo programu zinazoanza na picha yako yenyewe, zinaitia ukungu, kisha zinaichora upya kutoka kwenye ukungu huo. Humo kuna kipimo cha kuanzia 0 hadi 1 kinachosema ukungu uwe mwingi kiasi gani. Katika programu ya AUTOMATIC1111 kinaitwa `Denoising strength`, na ukiiacha kama ilivyo huwa 0.75. Ukikishusha hadi kama 0.3, herufi za bango zinabaki karibu zilivyokuwa, lakini hupati mtaa wala kibanda, unapata bango lilelile likiwa limepakwa upya. Ukikipandisha hadi 0.75, mtaa unatokea na herufi zinayeyuka, na mahali pake panachorwa vitu vyenye rangi na unene wa zile herufi, basi. Hakuna namba ya katikati inayokupa vyote viwili.

Programu za karibuni zaidi zinaliangalia bango kama vile zinavyoyaangalia maneno yako, kisha zinachora picha mpya kabisa. Hizi ni bora sana kwa kazi yetu. Zinaelewa kwamba herufi ni nyekundu na kivuli kiko kulia, na mara nyingi zinapata neno kubwa. Lakini maandishi ya wastani na madogo huyakisia. Namba ya simu inabadilika tarakimu moja, "saa 12" inakuwa "saa 2", na jina la fundi linageuka kuwa jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya chochote, chukua karatasi uyanakili maneno yote ya bango kwa mkono, mstari kwa mstari, herufi kubwa zikiwa kubwa na ndogo zikiwa ndogo. Kisha amua kila mstari unakwenda wapi. Kwenye kazi yetu: "CHAI NA MAANDAZI" linakwenda kwenye kibao. "Kikombe 500/=" linakwenda kwenye ubao wa chaki. Saa ya kufungua na namba ya simu haviandikwi na mashine kabisa. Tutaviweka baadaye wenyewe. Jina la fundi linaondoka kwenye kibao na kuandikwa chini ya tangazo kwa heshima yake. Na kabla ya hapo aombwe ruhusa, kwa sababu mchoro ni kazi ya sanaa na kwa Tanzania unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Ukimaliza hapo umeshatenganisha mambo mawili ambayo mashine hupenda kuyachanganya: sura ya herufi, ambayo inatoka kwenye bango, na maneno, ambayo yanatoka kwako. Fundi wa mabango naye humwelezi tu kwamba unataka kibao kizuri cha chai. Unampa kikaratasi chenye maneno yaliyoandikwa sawasawa, naye anakiweka mbele yake hadi amalize.

Maagizo yenyewe

Haya ndiyo maagizo ya kazi ile:

```
Picha ya mtaa asubuhi. Kibanda cha chai cha mbao, kinaonekana
kwa mbele moja kwa moja, kamera iko usawa wa macho.

Kutoka kwenye picha ya rejea chukua umbo la herufi, rangi zake
na birika. Maneno ya kuandika ni haya yafuatayo pekee.

KIBAO JUU YA MLANGO, mistari miwili, katikati:
"CHAI NA"
"MAANDAZI"
Herufi kubwa nene nyekundu, kivuli cheusi kulia, mbao ya manjano.
Kibao kinachukua theluthi moja ya upana wa picha.

UBAO WA CHAKI kando ya mlango, mstari mmoja:
"Kikombe 500/="

Kila maandishi yanatokea mara moja tu. Kuta, magunia na nguo
ni za rangi moja. Rangi za mtaa ni za asubuhi ya kawaida.
```

Alama za kunukuu ndizo zinazoiambia mashine kwamba maneno haya yaandikwe, siyo yaelezwe. Bila hizo, "kibao cha chai na maandazi" kinaweza kuwa kibao chenye picha ya kikombe na sahani. Tumia alama mbili, si moja, kwa sababu Kiswahili kina ng' ndani ya maneno. Ukiandika 'SUPU YA NG'OMBE' kwa alama mojamoja, mashine inaweza kudhani maneno yameishia kwenye NG.

Kugawa mistari ni jambo ambalo watu hulipuuza, na mimi naliona kubwa kuliko yote. Tupige hesabu. Picha ina upana wa pikseli 1024, na kibao ni theluthi yake, yaani pikseli 341 hivi. "CHAI NA MAANDAZI" kwenye mstari mmoja ni nafasi 16 ukihesabu na zile tupu. Kila herufi inapata pikseli 21, ambazo kwenye gridi ile iliyobanwa mara 8 hazifiki hata vyumba vitatu. Ukigawa mistari miwili, mstari mrefu ni "MAANDAZI" wenye herufi 8. Sasa kila herufi inapata pikseli 42, yaani vyumba vitano na kidogo. Hujakuza kibao, hujabadilisha programu, na nafasi ya kila herufi imeongezeka mara mbili. Usiiachie mashine iamue mstari ukatike wapi, maana inaweza kukata katikati ya neno.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini tumetaka kibanda kionekane kwa mbele. Kibao kikionekana kwa upande, herufi za mwisho zinasinyaa kadiri zinavyokwenda mbali, na zile za mwisho kabisa zinarudi kwenye vyumba viwili. Ukilazimika kuwa na pembe, iwe ndogo, na neno liwe fupi.

Kutaja mbao, rangi na upande wa kivuli kunasaidia kwa sababu mashine imejifunza herufi za kila kitu kivyake. Herufi za rangi kwenye mbao zina kingo kavu. Za chaki zinachubuka, na kwa hiyo ubao wa chaki ubebe maneno machache kuliko kibao. Za taa za neoni zimeunganika kama waya, na mashine hupenda kuunganisha hata zisizopaswa kuungana. Kama unaweza kuchagua, chagua rangi kwenye mbao au bati, herufi kubwa zisizo na mapambo. Mwandiko wa kuunganisha una urembo wake, lakini neno lenye N, M na U zikifuatana litapotea humo.

Sentensi ya mwisho ya maagizo inazuia tatizo la kusambaa. Bango la rejea lina nguvu. Lisipowekewa mpaka, manjano yake yanapaka ukuta mzima wa mtaa, na herufi zake nyekundu zinaota juu ya kila duka, CHAI hapa, CHAI pale, moja imekosa H.

Mahali panapodai maneno

Mitaa yetu imejaa maandishi. Hilo ni zuri kwa macho na ni gumu kwa mashine. Imefundishwa kwa picha nyingi mno, nayo inajua kwamba sehemu fulani za picha huwa na maandishi: ubavu na kioo cha nyuma cha daladala, gunia la mchele, kreti la soda, kibanda cha kutuma pesa, fulana ya kijana. Ukiweka daladala kwenye picha bila kusema imeandikwa nini, itaandikwa tu, kwa lugha ya mashine.

Kanga ni mtihani wa pekee. Kanga kamili ina pindo, ina mji na ina jina, yale maneno yanayokaa upande wa chini katikati. Mashine inaijua sura hiyo. Ukitaja mwanamke aliyevaa kanga, inaweza kupanga herufi zisizosomeka mahali palepale pa jina, tena kwenye kitambaa kilichokunjamana, ambapo hata herufi sahihi ingepinda. Kwa jamii inayochagua kanga kwa maneno yake, kanga yenye jina la kubahatisha si kosa dogo. Ukiihitaji kanga kwenye picha, iweke ili upindo wa chini uwe nyuma ya meza au nje ya fremu, au mtu awe ameketi. Ukihitaji jina lisomeke, libuni fupi sana, sema kitambaa kimetandazwa na kinaonekana kwa mbele, kisha ulihesabu kama kibao cha tatu.

Kusema "bila maandishi" mara nyingi hakusaidii kwenye mifumo ya zamani. Neno "maandishi" lenyewe, likitajwa, linavuta maandishi. Stable Diffusion ina kisanduku cha pembeni kiitwacho `Negative prompt` kwa ajili ya vitu visivyotakiwa, na humo ndimo neno hilo linapofaa kukaa. Kwenye maagizo ya kawaida, taja kilichopo: ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, gunia jeupe, fulana ya kijani. Mahali palipokwisha kujazwa kitu kinachojulikana hapaachi nafasi ya kubahatisha.

Jambo jingine: Stable Diffusion ya mwanzo ilifundishwa zaidi kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo maelezo ya mtaa ukiyaandika kwa Kiswahili yanapotea humo. Kwa programu kama hiyo, eleza mtaa kwa Kiingereza na uyaache ya ndani ya alama za kunukuu yabaki Kiswahili. Programu za karibuni hazikulazimishi hivyo.

Kusoma kilichotoka

Omba picha nne kwa mara moja kama programu inaruhusu, na uchague kwa herufi kwanza. Picha yenye mwanga mzuri na kibao kibovu ina kazi ndefu kuliko picha yenye kibao sahihi na mwanga wa kawaida.

Jicho linalojua neno hulisahihisha lenyewe, ndiyo maana makosa hupita hadi kwa mchapishaji. Kuza picha hadi asilimia 100 na usome kila neno kutoka mwisho kwenda mwanzo: I, Z, A, D, N, A, A, M. Kwa namna hiyo unaona herufi, si neno. Kwenye maneno yetu, angalia hasa irabu zinazofuatana, kama AA ya MAANDAZI, UA ya VITUMBUA na UU ya KUUZA, kwa sababu mashine hupunguza moja au huongeza ya tatu. Angalia Z isiwe S iliyopinduka. Angalia alama yetu ya bei: ule mkwaju na ule mstari wa sawasawa katika 500/= hugeuka kwa urahisi kuwa tarakimu 1, na ghafla kikombe cha chai kinauzwa 5001.

Kisha mpe mtu asiyehusika. Usimwambie kimeandikwa nini. Muulize tu, "Dada, hebu nisomee hapo juu ya mlango." Akisita mahali, hapo pana tatizo hata kama herufi zote zipo. Kwenye kazi yetu mwenye kibanda mwenyewe ndiye aliyesoma ubao wa chaki.

"Kaka, mbona hapa naona 'Kikambe'?"

Ile O ilikuwa imebanwa juu na kuotea mguu, ikawa kama a ndogo. Tulikuwa tumeitazama picha kwa kutwa nzima bila kuiona.

Kosa la namna hiyo halihitaji kuanza upya. Programu nyingi zina njia ya kufunika sehemu ya picha na kuchora hiyo tu. Funika neno zima, si herufi moja, kwa kuwa herufi mpya peke yake itakuwa na unene na mteremko usiolingana na jirani zake. Acha ukingo kidogo kuzunguka neno ili mbao na kivuli viungane. Kwenye AUTOMATIC1111 chagua `Only masked`: programu inakikuza kile kipande hadi ukubwa kamili, inakichora, kisha inakirudisha mahali pake. Kwa maneno mengine, neno lililokuwa na vyumba vitatu kwa kila herufi linachorwa likiwa na vyumba kumi au zaidi, kisha linapunguzwa. Ndiyo njia bora ninayoijua ya kuokoa maandishi madogo. Kwenye programu za mazungumzo sema wazi: badilisha neno la ubao wa chaki liwe "Kikombe 500/=", kila kingine kibaki kilivyo. Usirudie sana lakini, maana kila mzunguko unabadilisha vitu vingine kidogo kidogo, na baada ya marejeo machache uso wa muuzaji si wake tena.

Tahadhari moja ya mwisho kuhusu mashine. Programu za kukuza picha kwa ajili ya kuchapa nazo huchora upya, hasa zile zinazojisifu kuongeza undani. Herufi iliyokuwa sahihi kwenye simu inaweza kutoka imeota mkia kwenye bango la mita mbili. Soma upya baada ya kukuza.

Yanayobaki kwa mkono

Saa ya kufungua, namba ya simu, tarehe na alama ya mraba ya kuskani hazifai kuchorwa na mashine. Alama ya kuskani iliyochorwa ni mapambo, simu haiisomi. Namba ya simu ikikosea tarakimu moja, wateja wanampigia mtu mwingine alfajiri. Hivi viwekwe kwa programu ya kuhariri picha, na GIMP inatosha, tena ni ya bure.

Chagua fonti nene inayokaribiana na herufi za bango, andika "Kuanzia saa 12 asubuhi" kwenye leya yake, halafu tengeneza nakala ya leya hiyo na uifiche kabla ya kugusa chochote, kwa sababu ukishaipinda haitaharirika tena kama maandishi. Bonyeza `Shift+P` ili kupata kifaa cha mtazamo, uvute pembe nne hadi mstari ulale sawa na mbao za kibanda. Kwa herufi nyekundu juu ya mbao ya rangi nyepesi, weka hali ya leya kuwa `Multiply`, na nyuzi za mbao na vivuli vitaonekana kupitia ndani ya herufi. Kwa herufi nyeupe kwenye ubao wa chaki tumia `Screen`. Ongeza ukungu mdogo sana, wa pikseli moja au chini yake, kwa sababu herufi kali kupita picha inayozizunguka hujitangaza kwamba zimebandikwa. Linganisha na kingo za "CHAI NA" zilizochorwa na mashine hadi zifanane.

Kama kibao kikubwa nacho kimekataa kuandikika baada ya majaribio kadhaa, agiza kibao kitupu cha manjano, halafu weka maneno yote kwa njia hii. Hakuna anayeshindwa kwa kufanya hivyo. Kwa kazi yenye maneno zaidi ya manne au matano kwenye kibao kimoja, mimi ningeanza na kibao kitupu tangu mwanzo.

Hifadhi faili la `.xcf` lenye leya zake zote, na picha ya kibanda yenye ubao wa chaki usioandikwa kitu, kando na ile ya kuchapa. Bei ya sukari na unga haitulii, na kikombe kikipanda kuwa 700/= utabadilisha mstari mmoja tu kwa dakika chache, bila kuiomba mashine ichore mtaa mwingine.